Muhtasari wa Maneno ya Mkopo

Shangazi yangu, ambaye huuza kanga na vitenge hapo Ngamiani, mjini Tanga, alipozungumza kwa simu na afisa wa mikopo wa benki siku ya Jumatano, tarehe 5 Novemba 2025, alimwomba kwanza ridhaa ya kuyarekodi mazungumzo, na afisa yule akaridhia kwa sauti inayosikika wazi, kisha jioni yake akaniletea simu yenyewe, ikiwa na maneno ya dakika ishirini na tatu, akaniambia, "Mwanangu, nitolee humo yale yatakayonifunga, nisije nikatia sahihi jambo nisilolijua." Niliidhania kazi ya saa moja, nayo ikanichukua alasiri nzima ya siku ya pili.

Nilisikiliza mara ya kwanza pasi na kalamu, kwa kuwa katika mazungumzo ya namna hii jambo moja hutajwa mara mbili tatu kwa maneno mbalimbali, na aghalabu kauli ya nyuma ndiyo inayoifasiri ya mbele, au hata kuitangua. Mara ya pili ndipo nilipoisimamisha sauti kila palipotajwa fedha, tarehe ama sharti, nikaandika dakika yake, na maneno ya afisa kama alivyoyatamka. Na ufahamu wangu nikauweka upande wa pili wa karatasi, usichanganyike na tamko lake. Mpaka huo baina ya tamko na tafsiri niliulinda kwa hadhari kuu, maana shangazi angekwenda kuulizia mambo hayo mezani kwa afisa, na isingefaa amwambie "ulisema" katika jambo ambalo mimi ndiye niliyelifahamu hivyo.

Katika dakika ya 4 afisa alisema: "Milioni sita, mwaka mmoja, riba asilimia moja na nusu kwa mwezi." Kauli hii yasikika kamili, lakini haikusema asilimia hiyo ni ya nini, na hapo ndipo fedha nyingi zilipofichika. Ikiwa riba yahesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwezi wa kwanza hata wa mwisho, bila kujali kiasi kilichokwisha kulipwa, basi kila mwezi ni shilingi 90,000, na kwa mwaka ni shilingi 1,080,000. Ikiwa yahesabiwa juu ya salio linalopungua kila rejesho liingiapo, na marejesho yakiwa sawasawa, jumla ya riba haizidi sana shilingi 601,000. Asilimia ni ile ile kwa masikio ya msikilizaji, na tofauti yake yakaribia laki tano, ambayo kwa muuza kanga si fedha ya kupuuza.

Nani basi atakayetuamulia, ikiwa neno lenyewe halikutamkwa? Hesabu ndiyo iliyotuamulia. Katika dakika ya 11, akizungumzia jambo jingine kabisa, afisa alisema: "Rejesho lako litakuwa laki tano na tisini." Nikachukua milioni sita nikaigawa kwa kumi na mbili, nikapata laki tano, nikaongeza 90,000, nikapata 590,000, kiasi kile kile alichokitaja. Lau riba ingekuwa ya salio linalopungua, rejesho lingekuwa kiasi cha shilingi 550,000 hivi. Kwa hiyo niliandika katika muhtasari: riba ni juu ya mkopo wote, afisa hakusema hivyo, ila rejesho alilolitaja halipatikani kwa njia nyingine, athibitishe kwa maandishi.

Ada zilikuwa nyepesi kufahamika. Benki itakata asilimia mbili kwa kushughulikia mkopo na asilimia moja ya bima, yaani 120,000 na 60,000, nazo zitakatwa kabla fedha hazijaingia akauntini. Hivyo mkononi zitafika shilingi 5,820,000, na riba itaendelea kuhesabiwa juu ya milioni sita timamu. Gharama ya wakili alisema ni ya mteja, kiasi asikitaje, nami nikaacha nafasi tupu hapo badala ya kukisia.

Katika tarehe, lugha yetu wenyewe ndiyo iliyotaka kunikosesha. "Fedha utapata tarehe ishirini mwezi huu, na utaanza kurejesha mwezi wa kwanza, tarehe tano." Shangazi alifahamu Januari, akafurahi, kwani angeuza Desemba nzima kabla ya kulipa chochote. Lakini mwezi wa kwanza kwetu ni jina la Januari, na pia ni mwezi unaoanzia hesabu ya jambo lolote, nao hapa ungekuwa Desemba. Nikarudi nyuma na mbele katika sauti mpaka nikafika dakika ya 19, anaposema kuwa "mwezi wa kumi na moja mwakani tumemalizana." Marejesho ni kumi na mawili, ukianza Januari 2026 utamaliza Desemba, ukianza Desemba 2025 ndipo utakapomaliza Novemba 2026. Shangazi alipoelezwa hilo alinyamaza kitambo, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole ni doti ngapi za kanga atakazolazimika kuziuza kabla ya tarehe 5 Desemba.

Lililobaki ni masharti, na hapa nilipima vitenzi zaidi ya idadi. Afisa anaposema "tutakata," amefunga jambo. Anaposema "huwa," amesimulia desturi tu, na desturi haimlazimishi mtu. Shangazi aliuliza itakuwaje akiumaliza mkopo mapema, akajibiwa, "Huwa hatuna shida." Sikuandika kwamba kulipa mapema kwaruhusiwa bila gharama. Niliandika kwamba hakuna ahadi iliyotolewa, na kwamba swali la kuulizwa ni hili: mkopo ukilipwa wote baada ya miezi sita, ile riba ya miezi sita iliyosalia, shilingi 540,000, itasamehewa ama itadaiwa? Vivyo hivyo kuhusu wadhamini, sharti alilolitaja ni wawili, kisha akaongeza kuwa atawaomba wakubwa wake wakubali mmoja. Nikaandika wawili, na ombi nikaliandika kuwa ni ombi.

Kuhusu kuchelewa alikuwa bayana: asilimia tano ya rejesho lililochelewa, yaani shilingi 29,500 kila mara. Nilipoziweka tarehe zote kumi na mbili mbele ya kalenda, nikaona tarehe 5 Aprili 2026 ni Jumapili ya Pasaka. Tarehe 6 ni Jumatatu ya Pasaka, tarehe 7 ni Siku ya Karume, na nyuma yake tarehe 3 ni Ijumaa Kuu. Katika dakika zote ishirini na tatu hapana neno juu ya siku za mapumziko. Hilo likawa swali la mwisho katika karatasi, ambayo yote ilikuwa kurasa mbili, na maswali yakiwa manne.

Shangazi alikwenda nayo benki Jumatatu iliyofuata. Afisa aliisoma taratibu, akathibitisha kuwa riba ni juu ya mkopo wote na kuwa malipo yaanza Desemba. La kumaliza mapema akasema lazima lijibiwe kwa barua, na wadhamini wakabaki wawili. Alipofika kwenye Aprili alifungua kalenda yake mwenyewe, akaitazama kwa muda, kisha akaandika kwa kalamu pembeni ya mstari ule: fedha iwe imekwisha kuingia Alhamisi, tarehe 2.