DetectGPT: mpelelezi anayemjua mtuhumiwa tayari

Mwaka 2023 Eric Mitchell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa makala ya DetectGPT, mbinu ya kutambua maandishi ya mashine. Wazo lenyewe nalipenda. Huhitaji kukusanya maelfu ya insha za watu na za mashine ili ufunze kitambuzi. Unachukua aya unayoishuku, unaiuliza modeli ya lugha inaipa uwezekano kiasi gani, kisha unaichokoachokoa: unaficha baadhi ya maneno, na modeli nyingine, T5, inajaza mapengo. Unatengeneza nakala kama 100 hivi na kupima wastani wao.

Tuseme, kwa namba za kubuni, aya iliyoandikwa na modeli A inapata logi ya uwezekano -60 kwa A yenyewe, na nakala zake wastani wa -68. Imeshuka 8. Aya ya mtu inapata -75, nakala zake -76. Imeshuka 1 tu. Yaani aya ya mashine imekaa kileleni, ukisogea upande wowote unateremka. Ya mtu iko mahali popote tu kwenye mlima, kwa hiyo nakala nyingine zinashuka na nyingine zinapanda. Huo ndio mpindo wa uwezekano.

Lakini mlima huo ni wa nani? Ni wa A. Pale A ilipoandika "hata hivyo", ilichagua hivyo kwa sababu kwake ndiyo yenye uwezekano mkubwa. Modeli B, iliyosoma data nyingine, huenda inapendelea "lakini". T5 ikibadilisha neno hilo, alama za A zinashuka ila za B zinapanda. Jumlisha mabadiliko ya aina hiyo na pengo la 8 linaweza kubaki 2 kwa B. Kama mpaka wako wa kushtaki ni 4, mashine imepita salama.

Waandishi hawakulificha hili. Walijaribu modeli tatu zikipimana, na kwa kawaida matokeo bora yalipatikana pale mwandishi na mpimaji walipokuwa modeli ileile. Ninachokilalamikia ni muhtasari: kupanda kutoka AUROC 0.81 hadi 0.95 kwa habari feki za GPT-NeoX ni pale NeoX inapojipima yenyewe. Tena 0.95 si "uhakika wa asilimia 95" kuhusu insha moja. Maana yake, ukiokota aya moja ya mtu na moja ya mashine, mara 95 kati ya 100 ya mashine itapata alama ya juu.

Mwalimu mwenye insha mkononi hajui ni modeli gani iliyotumika, kama ipo, na huenda ni ya kulipia isiyomwonyesha uwezekano wa maneno ya insha hiyo. Itambidi akope B.