Joka Lenye Pumzi ya Farasi

Toothless wa How to Train Your Dragon (2010) anaaminika kwa sababu Randy Thom hakumbandika ngurumo moja. Alichanganya farasi, simbamarara na sauti yake mwenyewe, na kwangu ile pumzi ya farasi ndiyo inayobeba hisia zote.

Nilijaribu nyumbani Kangemi. Nilirekodi mbwa wa jirani akinguruma, nikapunguza kasi nusu, sauti ikashuka oktavu nzima. Juu yake nikaweka sufuria ikiburutwa sakafuni. Manze, uji mtupu! Zote mbili zilikuwa nzito, zikamezana. Nikaikata besi ya sufuria ukabaki mkwaruzo, halafu nikavuta pumzi yangu mwanzoni. Joka likaamka.

Lakini kwa spika ya simu, ndani ya mathree ya kwenda tao, mbwa alipotea. Nilisikia sufuria tu.