Nani Analima Kwao Xuma?

Likizo iliyopita nilirudi Mlalo na riwaya moja kwenye begi, Mine Boy ya Peter Abrahams, kwa sababu sura ya pili ya tasnifu yangu inaihusu na msimamizi wangu alikuwa ameshaanza kuuliza iko wapi. Jioni, tukimenya viazi, bibi alitaka kujua kitabu kinasema nini. Nikamsimulia. Kijana anaitwa Xuma, anatoka kijijini kaskazini, anafika Johannesburg usiku akiwa na njaa, anapokelewa na mama mmoja mwuza pombe anayeitwa Leah, anapata kazi kwenye mgodi wa dhahabu, anapenda msichana asiyetulia, na mwishoni anaongoza mgomo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huko kwao, nani analima?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye kitabu nikatafuta, na nilichokiona ni kwamba kitabu nacho hakina. Makala hii imetokana na swali hilo. Nadhani linagusa pengo kubwa zaidi katika riwaya ambayo wengi wetu tumeisoma kama picha kamili ya maisha ya mchimbaji wa Afrika Kusini.

Nianze na haki ya mwandishi. Abrahams alizaliwa mwaka 1919 Vrededorp, mtaa wa maskini wa Johannesburg, na mji anaujua. Kuna sehemu ya siku ya kwanza ya Xuma kazini ambayo sijaona mwandishi mwingine akiiandika vizuri kuliko yeye. Wanaume wanasukuma vitoroli vya mchanga kutwa nzima kuelekea kwenye kilima cha kifusi, na kilima hakiongezeki. Wageni wanaingiwa na hofu, na hofu hiyo si ya giza wala ya kuporomokewa na mwamba. Mkulima akilima kutwa, jioni anaona alipofika. Hapa jioni inaingia na hakuna alama kwamba walikuwepo. Mtu aliyewahi kuandika hivyo alikuwa anajua kwamba mchimbaji huyu ni mkulima.

Lakini baada ya hapo mkulima anapotea. Xuma haandiki barua nyumbani. Hatumi pesa. Hana mkataba unaokwisha, hana mke wala shamba linalomngoja, na anaishi kwenye chumba mjini, sio kwenye kompaundi. Riwaya inamchukua mtu wa mkataba na kumfanya mhamiaji wa moja kwa moja. Kwa mpango wa hadithi ni sawa, maana mapenzi na mgomo vinahitaji mtu aliye huru kutembea usiku. Kwa historia ya dhahabu si sawa, na sababu inaweza kuelezwa kwa hesabu ya kawaida.

Almasi ilianza kuonekana karibu na mto Orange mwaka 1867, na kufikia 1871 watu walikuwa wanachimba pale palipokuja kuitwa Kimberley. Almasi ni ndogo na mtu anaweza kuimeza. Kwa hiyo kuanzia 1885 makampuni yaliwafungia wachimbaji Waafrika ndani ya kompaundi kwa muda wote wa mkataba, na walipotoka walipekuliwa. Kompaundi ilizaliwa kama kinga ya wizi. Dhahabu ya Witwatersrand, iliyotangazwa mwaka 1886, haimezwi, kwa kuwa imetawanyika ndani ya mwamba kama chumvi ndani ya unga. Hata hivyo wenye migodi ya dhahabu waliichukua kompaundi ya Kimberley, kwa sababu nyingine. Mwamba ulikuwa na dhahabu kidogo, ulikwenda chini sana, mashine zilikuwa ghali, na bei ya dhahabu duniani ilikuwa imefungwa. Mwenye mgodi hakuweza kupandisha bei ya mali yake. Gharama aliyoweza kuishusha ilikuwa moja: mshahara wa mchimbaji Mwafrika.

Mshahara unashushwaje mpaka chini ya kiasi cha kulisha familia, bila familia kufa? Unaiacha familia mahali pengine na kumwachia mwingine kazi ya kuilisha. Mume analala kompaundi, anakula uji wa kampuni, anarudi kwao mkataba ukiisha. Mke analima. Mtoto anakuzwa na shamba, mzee anatunzwa na shamba, na mwenye kifua kilichoharibiwa na vumbi anakwenda kufia shambani. Kampuni inalipia siku za nguvu peke yake.

Hiki si kisingizio nilichokitunga kwa ajili ya tasnifu. Wenye migodi walikisema wenyewe hadharani. Mwaka 1943 tume ya serikali iliyoongozwa na Jaji Lansdown ilichunguza mishahara ya wachimbaji Waafrika, na hoja ya wenye migodi ilikuwa kwamba mchimbaji ana shamba kwao, kwa hiyo mshahara wake ni nyongeza tu. Tume iliona kwamba mashamba hayo yalikuwa yamechoka na hayatoshi. Ilikuwa miaka thelathini tangu Sheria ya Ardhi ya 1913, iliyowabakizia Waafrika takriban asilimia saba ya nchi. Tume ilipendekeza nyongeza ndogo. Kwa maneno mengine, swali la bibi liliulizwa na majaji miaka mitatu kabla riwaya haijatoka, na jibu lao lilikuwa kwamba analima mke, na hapati chakula cha kutosha.

Riwaya ilitoka 1946. Agosti mwaka huohuo, chama cha wachimbaji Waafrika, mwenyekiti wake akiwa J. B. Marks, kiliitisha mgomo. Makumi ya maelfu ya watu walikataa kushuka mgodini. Walidai shilingi kumi kwa siku, wakati wengi walikuwa wanapata shilingi mbili na ushee. Polisi walizingira kompaundi na kuwatoa watu kwa virungu na risasi, na baada ya takriban wiki moja mgomo ulikuwa umevunjwa. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikufa wasiopungua tisa.

Linganisha na mgomo wa kwenye kitabu. Paa la mgodi linaporomoka, Johannes anakufa, Xuma anakataa kuwashusha wenzake mpaka pawe salama, na msimamizi wake Mzungu, Paddy, anasimama upande wake. Xuma anapata wazo la ulimwengu ambamo mtu ni mtu kwanza, bila rangi, na anaamua kwenda polisi kwa miguu yake ili asimwache Paddy peke yake. Ni mwisho unaogusa, nami niliposoma mara ya kwanza nililia. Sasa naona umechagua mgogoro ulio rahisi zaidi kusuluhishwa moyoni. Mzungu mmoja mwema anaweza kuungana na Xuma kuhusu mwamba unaotaka kuanguka. Kuhusu shilingi kumi asingeweza kwa urahisi hivyo, kwa sababu mshahara wa wachimbaji Wazungu ulisimama juu ya unafuu wa mshahara wa Waafrika, na mwaka 1922 Wazungu hao walikuwa wamepigana kwa bunduki mjini Johannesburg kulinda nafasi zao. Riwaya inauliza ubaguzi unauma wapi. Haiulizi unalipa nini, na unamlipa nani.

Kwa nini haya yaonekane Mlalo? Hatukuwa watu wa Wenela. Hilo ndilo jina ambalo vijiji viliupa ule mtandao wa kuajiri wa migodi ya Rand, na hapa kwetu Tanganyika ulichukua watu wa kusini magharibi, Wanyakyusa wa Rungwe wakiwemo, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipousitisha. Sisi tulikuwa na mzungu wa shamba, sio wa mgodi. Lakini mwaka 1907, wakati Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, Wajerumani walianzisha kipande katika wilaya yetu: kila mwanamume alitakiwa amfanyie kazi mwajiri Mzungu siku thelathini katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, na asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Tazama namba hizo. Siku thelathini kati ya mia na ishirini. Zile tisini zilizobaki ndizo zilizomlisha, pamoja na mkewe. Mlowezi wa Usambara na mwenye mgodi wa Rand walipiga hesabu ileile.

Sitaki kulinganisha kupita kiasi. Mshambaa aliweza kurudi kwake, hakufungiwa kompaundi, na Usambara haikuwa na kampuni zenye nguvu ya kushikilia mshahara kwa vizazi. Kule Rand, mwanauchumi Francis Wilson alionyesha kwamba thamani halisi ya ujira wa mchimbaji Mwafrika mwaka 1969 haikuzidi ile ya 1911. Kinacholingana ni nafasi ya anayebaki.

Babu alishuka Korogwe kwenye mkonge, akawa anarudi kwa misimu. Bibi alibaki. Katika mwaka huohuo wa 1946, serikali ya Mwingereza ilianza hapa katika bonde la Mlalo mradi wake wa kuokoa udongo, na watu wakaamriwa kuinua matuta kwenye miteremko. Matuta yanainuliwa kwa jembe, na jembe lilikuwa mikononi mwa waliobaki. Hasira ile ilikua mpaka ikawa siasa, na kabla ya Uhuru mradi ulikuwa umekufa. Bibi alikuwa msichana mradi ulipoanza na mke wa mtu ulipokufa. Anazungumzia matuta kama wengine wanavyozungumzia vita.

Kwa hiyo alipouliza nani analima, alikuwa anatafuta mtu wake katika hadithi. Leah ni mwanamke mkubwa, pengine mkubwa kuliko Xuma, lakini ni mwanamke wa mjini. Eliza anapanda treni na kutokomea. Mwanamke aliyebaki na jembe, ambaye bila yeye dhahabu ya Rand isingechimbika kwa faida, hayumo hata kwa jina.

Nimeibadilisha sura ya pili. Zamani ilisema kwamba Abrahams ametupa sauti ya mchimbaji. Sasa inasema ametupa nusu ya mchimbaji, ile nusu iliyoonekana kutoka mjini, na inajaribu kusoma kimya cha riwaya kuhusu kijiji kama sehemu ya hesabu ileile iliyofanya kijiji kisilipwe. Msimamizi wangu ameandika pembeni kwamba hoja inahitaji ushahidi zaidi. Nitautafuta.

Siku ya kuondoka nilimwambia bibi kwamba kitabu hakisemi nani analima. Alikuwa anafunga mzigo wangu wa viazi. Akasema, "Basi aliyekiandika hakulelewa na shamba." Nimemweleza kwamba ni kweli, alikuwa mtoto wa mjini.