Kuutembelea Mti kwa Rundo: Uchambuzi wa Njia Isiyojiita Yenyewe

Katika mti wa utafutaji wa matawi mawili, kila nodi ina ufunguo wake, funguo zote zilizo kushoto kwake ni ndogo kuliko wake, na zote zilizo kulia kwake ni kubwa. Kwa hiyo mwenye kutaka kuzisoma funguo hizo kwa taratibu, tangu ndogo hata kubwa, hana budi kumaliza upande wa kushoto wa kila nodi kwanza, kisha aisome nodi yenyewe, ndipo aingie upande wa kulia. Kaida hiyo ni fupi kiasi kwamba fankisheni inayojiita yenyewe huifuata neno kwa neno:

```python
def tembea(nodi):
    if nodi is None:
        return
    tembea(nodi.kushoto)
    print(nodi.ufunguo)
    tembea(nodi.kulia)
```

Hakuna aibu katika fankisheni hii, na kwa mti uliosawazika haina kasoro ya kutaja: mti wa nodi milioni moja uliojaa vizuri una ngazi 20 tu, na ngazi 20 si mzigo kwa Python. Taabu huanza pale mti unapokosa mizani. Chukua mti usiojisawazisha wenyewe, uingize ndani yake namba kutoka 1 hadi 5000 kwa mpangilio huo huo wa kupanda, nawe utaona kwamba kila namba mpya, maadamu ni kubwa kuliko zote zilizotangulia, huning'inia kulia kwa ile ya mwisho, hata mti ukawa mnyororo wa ngazi 5000. Python, kwa desturi yake, hairuhusu miito iliyomo ndani ya miito kuzidi 1000, na mpaka huo ukivukwa hutoa kosa liitwalo `RecursionError`.

Mwenye jicho kali hutambua umbo la mti kwa kutazama tu namna programu ilivyokufa. Mnyororo ukielekea kulia, fankisheni huchapa kila ufunguo kabla ya kushuka ngazi inayofuata, kwa hiyo skrini hupata karibu namba elfu moja kisha kosa likafuata. Mnyororo ukielekea kushoto, hushuka kwanza bila kuchapa chochote, na kosa hutokea skrini ikiwa tupu. Wapo wanaoliponya jambo hili kwa kuandika `sys.setrecursionlimit(10000)`, lakini hilo ni kusogeza ukuta, wala si kuubomoa: mti wa ngazi 20000 utaugonga vilevile, na hati rasmi za Python zenyewe zaonya kwamba kikomo kikubwa kupita kiasi chaweza kuiangusha programu nzima.

Dawa ya haki ni kuuliza: kila mwito unaongoja, hungoja nini hasa? Fankisheni inapoingia kushoto kwa nodi, huiacha nodi hiyo na deni la mambo mawili, yaani kuichapa na kuuingia upande wake wa kulia. Na deni hilo huwekwa na Python katika kumbukumbu yake, mahali tusipopaona. Basi tukiliandika deni hilo wenyewe katika orodha ya kawaida, tukiweka nodi mpya juu na kuichukua tena kutoka juu, kama muuza duka mwenye daftari la wakopaji anayeanza kumdai aliyekopa mwisho, hatutakuwa na haja ya fankisheni kujiita. Njia hii si ngeni: Donald Knuth aliieleza, pamoja na rundo lake la pembeni, katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake The Art of Computer Programming iliyotoka mwaka 1968. Kwa Python huandikwa hivi:

```python
def tembea_kwa_rundo(mzizi):
    rundo = []
    sasa = mzizi
    while sasa is not None or rundo:
        while sasa is not None:
            rundo.append(sasa)
            sasa = sasa.kushoto
        sasa = rundo.pop()
        print(sasa.ufunguo)
        sasa = sasa.kulia
```

Mzunguko wa ndani hushuka kushoto mpaka njia ikatike, ukiweka kila nodi katika rundo. Mistari mitatu ya mwisho huichukua nodi ya juu, huichapa, kisha hugeukia kulia kwake. Ili tusiamini kwa kusikia tu, na tuufuate mti wenye mzizi 50, ambao kushoto kwake ni 30 na kulia kwake ni 70; 30 ina watoto wawili, 20 na 40; na 70 ina mtoto mmoja wa kushoto, 60.

Tunaanza na 50 mkononi na rundo tupu. Mzunguko wa ndani huweka 50, kisha 30, kisha 20, na kwa kuwa 20 haina kushoto, `sasa` huwa `None`. Tunaichukua 20, tunaichapa, na kulia kwake pia hakuna kitu. Rundo limebaki na 50 chini na 30 juu. Duru ya pili haina pa kushuka, kwa hiyo inaichukua 30, inaichapa, na kugeukia kulia, ambako inaikuta 40. Duru ya tatu inaiweka 40 juu ya 50, papo hapo inaichukua na kuichapa. Duru ya nne inaichukua 50 na kuichapa, na hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini: rundo sasa ni tupu kabisa, ilhali upande wote wa kulia wa mti haujaguswa, kwa sababu `sasa` imeshika 70. Duru ya tano huweka 70 na 60, kisha huichapa 60. Duru ya sita huichapa 70. Na sasa, rundo likiwa tupu na mkono ukiwa mtupu, kazi imekwisha. Kilichochapwa ni 20, 30, 40, 50, 60, 70.

Katika mfano huo kanuni nzima imedhihirika. Kila duru ya nje inapoanza, rundo huwa na zile nodi tu ambazo upande wao wa kushoto umeshaingiwa na zenyewe hazijachapwa. Na `sasa` ni mzizi wa tawi litakalotembelewa kabla ya kuzirudia nodi hizo. Ndiyo sababu sharti la mzunguko wa nje lina viungo viwili vilivyounganishwa kwa `or`: kazi huisha tu pale ambapo hakuna deni wala hakuna tawi mkononi.

Anayeusahau ukweli huo hukosea kwa namna zinazojulikana, na kila kosa lina alama yake. Akiandika `and` mahali pa `or`, hapati hata namba moja, kwa kuwa mwanzoni rundo ni tupu. Akiacha `sasa is not None` peke yake, hupata 20 tu, kwani baada ya kuichapa jani hilo mkono huwa mtupu na mzunguko husimama, madeni mawili yakiwa bado rundoni. Akishuka kushoto kabla ya mzunguko, kisha akategemea `while rundo` peke yake, hupata 20, 30, 40, 50, halafu kimya; na kosa hili ndilo baya zaidi, kwa sababu majibu yake yana mpangilio mzuri, na mwenye mti usio na tawi kulia kwa mzizi hataligundua kamwe.

Kosa la nne hutokana na hadhari isiyo mahali pake. Mtu huona mstari wa mwisho waweza kuipa `sasa` thamani ya `None`, akadhani ni hatari, akauzungushia ulinzi:

```python
        if sasa.kulia is not None:
            sasa = sasa.kulia
```

Sasa, baada ya 20 kuchapwa, `sasa` hubaki kuwa 20 ile ile. Mzunguko wa ndani huiweka tena rundoni, huchukuliwa tena, huchapwa tena, na skrini hujaa 20 pasipo mwisho. Kumbe ile `None` haikuwa hatari bali habari: ndiyo iliyokuwa ikiuambia mzunguko kwamba hapa hakuna pa kushuka, rudi kwenye deni.

Imebaki hesabu ya kumbukumbu, ambamo wengi hudhani kwamba rundo letu limechukua tu mahali pa rundo la Python, ngazi kwa ngazi, bila tafauti. Kwa mnyororo wa kushoto dhana hiyo ni kweli: nodi zote 5000 huingia rundoni kabla ya moja kutoka. Lakini kwa ule mnyororo wa kulia tulioanza nao, rundo letu halizidi nodi moja wakati wowote, kwa kuwa kila nodi huchukuliwa na kuchapwa kabla hatujaingia kulia kwake, na baada ya hapo haidaiwi kitu. Fankisheni inayojiita, kinyume chake, huhitaji kushikilia miito yote 5000 ingojee, ingawa kila mmoja haukubakiwa na kazi ila kurudi. Zipo lugha ambazo huufuta mwito wa aina hiyo, ulio tendo la mwisho la fankisheni. Python haiufuti, na Guido van Rossum, aliyeiunda, aliikataa rai hiyo waziwazi mwaka 2009, sababu yake mojawapo ikiwa kwamba kufuta miito huharibu ile orodha ya miito inayomsaidia mtu kutafuta chanzo cha kosa. Kwa hiyo njia ya rundo hupata bure kile ambacho lugha imekataa kutoa.

Muda haubadiliki kwa njia yoyote kati ya hizi mbili: kila nodi huwekwa mara moja na kuchukuliwa mara moja, nazo `append` na `pop` za mwisho wa orodha ni kazi nyepesi. Ila yafaa kutumia mwisho huo huo wa orodha. Anayeandika `rundo.pop(0)` huchukua nodi ya chini badala ya ya juu, na katika mfano wetu ufunguo wa kwanza kuchapwa utakuwa 50 badala ya 20, yaani mpangilio wote umevunjika.

Hukumu, basi, ni hii. Ikiwa mti wako unajisawazisha wenyewe, iandike fankisheni inayojiita, kwani ni fupi na msomaji huielewa kwa mtazamo mmoja. Ikiwa umbo la mti hulimiliki, kwa kuwa funguo zatoka kwa watu au katika faili ambalo huenda limeshapangwa, tumia rundo. Nalo ulijaribu kwa miti minne kabla ya kuliamini: mti mtupu, nodi moja, mnyororo wa kushoto wa nodi 5000, na mnyororo wa kulia wa nodi 5000.