Miezi 18 ya Hijja, 13 ya akiba

Mwuza vitenge mmoja wa Tanga, aliyesimama Arafa tarehe 5 Juni 2025, alianza kudunduliza Desemba 2023. Taasisi ya Hijja ilimtajia dola 6,000, na dola moja ilikuwa karibu Sh 2,500. Akachukua milioni 15, akagawa kwa 18, akapata kama Sh 833,000 kwa mwezi. Kugawa alijua, ila 18 ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Fedha ya Hijja haisubiri siku ya kupanda ndege. Mahema ya Mina, hoteli za Makka na Madina na mabasi hukodiwa mapema kupitia mfumo wa Nusuk Masar. Kwa msimu wa 1446, Saudia iliweka 14 Februari 2025 kuwa mwisho wa kufunga mikataba. Pakistani ilichelewa kwa upande wa kampuni binafsi, na makumi ya maelfu ya nafasi zao zikapotea. Taasisi ya mama huyu ilitaka malipo yote yakamilike mwisho wa Desemba 2024, kwa hiyo miezi ya kuweka akiba ilikuwa 13 tu. Kwa mwendo wa Sh 833,000 angefika na kama milioni 10.8, pengo la milioni 4 na ushei. Akapandisha hadi Sh 1,155,000.

Kulikuwa na jambo la pili. Riyali imefungwa kwenye dola kwa 3.75 tangu 1986, kwa hiyo anayeweka shilingi anacheza na dola, apende asipende. Katikati ya 2024 dola ilikaribia Sh 2,700, na deni lilelile likawa milioni 16.2. Yeye alikuwa akilipa kwa awamu, kila awamu kwa bei ya siku hiyo, akaepuka kununua dola zote wakati mmoja. Desemba shilingi ilipata nguvu tena, lakini hakuna aliyeweza kumhakikishia hilo Julai.

Karatasi alizianza mwezi wa kwanza, na hapo ndipo ninapompongeza. Kitambulisho cha NIDA kilisoma Mwanahamisi, cheti cha kuzaliwa Mwanahamis. Herufi moja! Kusawazisha kulichukua zaidi ya mwezi, na pasipoti haikuombwa mpaka majina yalingane. Kama hilo lingejitokeza Januari 2025, fedha ingekuwepo na jina lisingeingia kwenye mfumo. Pasipoti nayo iwe na angalau miezi sita mbele.

Chanjo ndiyo huja mwisho. Ya homa ya uti wa mgongo hudungwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika, na ya homa ya manjano, inayoandikwa kwenye kadi ya njano, nayo huanza kutambulika baada ya siku 10, kisha hudumu maisha yote.

Unayepanga Hijja ijayo, kabla ya kuuliza bei, uliza taasisi yako inafunga malipo lini. Kumbuka pia kwamba Mfungo Tatu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na tarehe hiyo nayo husogea.