Programu zisizoonekana kwenye skrini ya mwanzo

Anayetaka kupunguza msongamano kwenye skrini ya televisheni ya Android TV hukimbilia njia moja. Anaweka kishale juu ya picha ya programu, anakandamiza OK bila kuachia mpaka menyu ndogo itokee, kisha anachagua Remove from favorites. Picha inatoweka, skrini inaonekana nadhifu, na programu yenyewe haijaguswa hata kidogo. Mstari ule wa vipendwa ni orodha ya njia za mkato tu. Ukiondoa kitu pale, bado kimo ndani, bado kinakula nafasi, na mara nyingi bado kinajisasisha chenyewe.

Chukua televisheni ya inchi 43 iliyoko sebuleni kwa shemeji yangu, Tanga. Malalamiko yalikuwa mawili: YouTube ilikuwa inagoma kusasishwa kwa kukosa nafasi, na skrini ya mwanzo ilichelewa kuitikia rimoti. Ukitazama mstari wa vipendwa ulikuwa na programu nne tu. "Nimeshafuta kila kitu, shemeji, hii imechoka tu," alisema. Haikuwa imechoka. Settings, Device Preferences, Storage ilionyesha kwamba zimebaki chini ya MB 300 kwenye televisheni yenye hifadhi ya GB 8, na sehemu kubwa ya hizo 8 inachukuliwa na mfumo wenyewe kabla hujaweka chochote.

Basi nafasi ilikwenda wapi? Jibu liko Settings, Apps, See all apps, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Ili programu ionekane kwenye skrini ya mwanzo ya Android TV, aliyeitengeneza lazima awe ameitambulisha kuwa ni ya televisheni na kuiwekea bango lake, ile picha pana yenye jina ndani yake. Programu ya simu iliyoingizwa kwa flashi haina utambulisho huo. Inawekwa, inakaa, inahifadhi data zake, lakini kwenye skrini ya mwanzo haina picha. Vijana wa nyumba walikuwa wameingiza kivinjari cha simu, michezo miwili na programu za kuonyesha mpira zilizopita mkono kwa mkono. Moja haikuwahi hata kufunguka. Zote zilikuwa zinaonekana kwenye See all apps peke yake.

Hizo hazina mjadala: unaingia kwenye jina la programu, unabonyeza Uninstall, unathibitisha. Wengine hapo huishia kwenye Clear cache, lakini hiyo inafuta vitu vya muda tu, na vitarudi programu ikitumika tena. Ukiwa hutumii programu, iondoe. Ukiwa unaitumia na imevimba, ndipo Clear cache ina maana.

Kisha unakutana na programu zilizokuja na televisheni, ambazo hazina Uninstall. Badala yake kuna Uninstall updates na Disable. Watu wengi wanaona Disable kama ufutaji wa danganya toto, na kwa kiasi wana haki. Nakala ya kiwandani imekaa kwenye sehemu ya mfumo ambayo mtumiaji haandiki juu yake, kwa hiyo hata ukiizima, nafasi ile hairudi kwako. Kinachokaa kwenye sehemu yako ni masasisho yaliyopakuliwa baadaye pamoja na data za programu, na programu iliyosasishwa kwa miaka kadhaa inaweza kuwa imebeba mzigo mkubwa. Kwa hiyo utaratibu ni kuondoa masasisho kwanza, kisha kuizima. Ukiondoa masasisho bila kuizima, Play Store itaipakua upya usiku na kesho utarudi ulipoanzia, tena bando limekwenda.

Kwenye televisheni ile tulizima programu mbili za filamu ambazo hakuna mtu nyumbani aliyezilipia. Tukaacha kila ambacho hatukujua kazi yake. Usizime Google Play services, Android System WebView wala Android TV Home. Usizime kibodi pia: ukiizima Gboard na hakuna nyingine, utakosa pa kuandikia nywila ya Wi-Fi siku utakapobadilisha ruta. Ukizima kitu na jambo likaharibika, jina lake bado limo kwenye See all apps, na kitufe cha Enable kinakirudisha.

Nafasi iliyobaki ilipita GB 1, na YouTube ikasasishwa bila kelele. Uzito wa skrini kuitikia rimoti ulipungua, ila haukuisha, na sababu yake ilikuwa chini ya mstari wa vipendwa. Huko kuna mistari ya mapendekezo, ambayo kila programu hujitengenezea: video za kutazama, filamu mpya, matangazo. Kufuta programu kunaondoa na mstari wake. Mingine unaizima kwa mkono kupitia Device Preferences, Home screen, Customize channels. Hapohapo kuna Enable video previews na Enable audio previews. Nyumba inayotumia intaneti ya kushirikishwa kutoka kwenye simu inapaswa kuzima zote mbili siku ileile, kwa sababu video hizo hujicheza kila kishale kinapotulia juu yake, na kila moja inakula bando kwa kitu ambacho hukukiomba.

Ukiwa na Google TV, ambayo ni sura mpya zaidi ya mfumo huohuo, mistari haizimwi mmojammoja. Unaingia kwenye akaunti yako ndani ya Settings na kuwasha Apps only mode. Mapendekezo yanaondoka, na baadhi ya uwezo unaondoka nayo. Skrini yenyewe inakuonya kabla ya kukubali.

Kupanga vipendwa ndiyo kazi ya mwisho, na ni ya dakika chache. Unakandamiza OK juu ya picha, unachagua Move, unaisogeza kwa vishale, unabonyeza OK tena kuibandika. Ya kuongeza unaichukua kwenye alama ya kujumlisha mwishoni mwa mstari. Ninashauri zisizidi zile zinazoonekana bila kusogeza skrini, na inayofunguliwa zaidi iwe ya kwanza kushoto. Kwa shemeji zilikaa YouTube, kisha VLC kwa ajili ya flashi za kaswida na filamu, kisha YouTube Kids. Ya mama mkwe haikuwa programu kabisa. Yeye hutazama kisimbuzi tu, na kisimbuzi kiko kwenye HDMI 1, ambayo haimo kwenye mstari ule. Tulichofanya ni kuingia Settings, Device Preferences, Inputs, na kuibadilisha HDMI 1 jina iitwe KISIMBUZI. Sasa akibonyeza kitufe cha chanzo kwenye rimoti anasoma neno analolijua, haulizi mtu.

Kuna jambo moja ambalo mpangilio huu haugusi: vitufe vya rimoti vyenye majina ya programu. Programu uliyoizima bado ina kitufe chake, na mtoto atakibonyeza. Baadhi ya televisheni hazifanyi kitu, nyingine zinakupeleka kwenye ukurasa wa kuiwasha tena. Pia kuna televisheni za bei nafuu zinazotumia Android ya simu iliyovalishwa sura ya televisheni, na humo programu za simu zinaonekana kama kawaida. Utazitambua kwa Play Store yake, ambayo ni ileile ya kwenye simu. Hizo menyu zake hazifanani na hizi, ingawa orodha ya programu zote ndani ya Settings bado ndiyo pa kuanzia.