Barua ya maneno kumi na mawili iliyoomba tafsiri ya sura

Juzi mwanafunzi mmoja Mkenya, aliyekwenda Kairo kwa mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi, alinionyesha barua pepe aliyomwandikia mhadhiri wake kwa Kiarabu. Akaniuliza kwa nini ilijibiwa kwa maneno mawili tu: "Sura gani?" Kwa ruhusa yake, hebu tuihakiki barua hiyo. Ninaiandika kwa hati zetu:

"As-salaamu alaykum ya ustadh. Tafadhal, ma fahimtu al-wajib. Urid tafsir as-sura. Shukran."

Alikuwa ameambatisha picha ya karatasi ya maelezo ya kazi ya darasa, iliyopigwa kwa simu kutoka ubaoni. Alichotaka kusema ni hiki: tafadhali, sikuielewa kazi, naomba ufafanuzi wa picha. Sarufi yake haina kasoro kubwa na salamu yake ni njema. Tatizo ni kwamba kila neno alilolifahamu kutoka nyumbani lilimsaliti.

Tuanze na "tafadhal". Kiswahili kililichukua neno hili na kulifanya la kuomba. Mwarabu hulitumia anapotoa: anapokukaribisha kiti, anapokusogezea chakula, anapokupisha mlangoni. Kwa Kiswahili chetu hapo tungesema "karibu". Basi mhadhiri alisoma, "Karibu, sikuielewa kazi." Anayeomba husema "min fadhlik" au "law samaht". Tena "urid" ni "nataka", na kwa mkubwa wako ni neno kavu. Desturi ni "arju", yaani naomba.

La pili ni "ustadh". Kwetu ni mwalimu wa madrasa, na ni heshima tosha. Katika vyuo vya Misri, mwenye shahada ya uzamifu huitwa "duktur". Ukimwita "ustadh" peke yake, ni kana kwamba umemshusha ngazi bila kukusudia.

Lakini kasheshe yenyewe iko kwenye "tafsir as-sura". Kiarabu kina herufi mbili ambazo masikio yetu huzisikia kama "s" moja: sini nyepesi na swadi nzito. "Sura" kwa swadi ni picha. Kwa sini ni sura ya Kurani. Mwanafunzi wetu aliandika kwa sini. Isitoshe, akatanguliza "tafsir", neno ambalo kwa Mwarabu, likikaa karibu na sura, huleta akilini elimu ya kufasiri Kurani. Kwa kufafanua maelezo ya kazi, neno lifaalo ni "tawdhih". Mhadhiri hakuwa na kejeli alipouliza "Sura gani?" Alijibu alichoandikiwa.

Hata hivyo, tuseme maneno yote yangekuwa sahihi. Je, barua ingejibika? Hapana, kwa sababu haisemi ni kipi kisichoeleweka. Nilipomhoji, nikagundua kwamba maelezo yote aliyaelewa isipokuwa tarakimu mbili. Misri hutumia tarakimu ambazo si hizi zetu: sifuri ni nukta tu, tano ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu, na mbili hutofautiana na tatu kwa jino moja la juu. Picha ikiwa na ukungu, nukta humezwa na jino hupotea. Hivyo hakujua kama siku ya kuwasilisha ni tarehe 12 au 13, wala kama insha ni ya maneno 500 au 50. Haya si madogo: akikosea la kwanza amechelewa, akikosea la pili amefeli.

Naye mhadhiri, aliye na karatasi safi mezani, hawezi kukisia ni wapi picha ya mwenzake imefifia. Anayeuliza ndiye anayepaswa kuandika kile anachodhani amekiona, kisha msomaji athibitishe au akanushe. Tukaiandika upya hivi:

"As-salaamu alaykum, duktur. Arju min hadhratikum tawdhih nuqtatayn fi waraqat at-taklif. Al-uula: maw'id at-taslim, 12 am 13? Ath-thaniya: adad al-kalimat, 500 am 50? Wa shukran jazilan."

Yaani: naomba kwako ufafanuzi wa mambo mawili katika karatasi ya kazi. La kwanza, siku ya kuwasilisha, 12 au 13? La pili, idadi ya maneno, 500 au 50? "Hadhratikum" ndiyo inayobeba heshima, na "taklif" ni kazi uliyopewa. Picha inaweza kuambatishwa bado, ila sasa ni ushahidi tu. Swali limo ndani ya barua. Mhadhiri anaweza kujibu kwa tarakimu mbili akiwa kwenye ngazi.

Mswahili anayejifunza Kiarabu huambiwa kwamba ana bahati kwa kuwa nusu ya safari ameshaimaliza. Ni kweli anayatambua maneno mengi. Lakini mgeni kabisa angefungua kamusi kutafuta "tafadhali" na "tafsiri". Wetu hakufungua, kwa sababu alidhani anayajua.